Fezi ya 3 ya MJO ni mvua ya bara, wa pwani msipande kwanza

"Wakuu niko Pangani, nimeambiwa MJO imeingia fezi ya 3 kwa nguvu, mvua itamwagika wiki hii. Nipande mahindi? Mbegu ipi nzuri? Na vimbunga vipi?"

Mkuu acha mbegu kwenye mfuko! Aliyekwambia hivyo anaishi bara. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo na jamaa wa Arusha anayejiita mtaalamu kwenye grupu la wasapu, nikapanda shamba zima, mahindi yakachomoza kwa manyunyu ya siku mbili halafu jua likawaka mpaka majani yakajikunja kama sigara. Nikamuuliza, ananijibu "mbona huku inanyesha". Inanyesha kwako! Mtu anatoa ushauri kwa nchi nzima hata hakuulizi shamba liko wapi, inaniudhi mpaka leo.

Iko hivi. MJO ni kundi kubwa la mawingu ya mvua linalosogea kuelekea mashariki kando ya ikweta, linazunguka dunia kwa siku 30 mpaka 60 hivi. Safari hiyo imegawanywa vipande vinane, ndizo fezi. Fezi ya 2 na ya 3 maana yake kundi liko Bahari ya Hindi, mashariki yetu, na linavuta hewa kutoka nyuma yake. Kwa hiyo upepo unatoka magharibi, unabeba unyevu wa Kongo, unamwaga Ziwa Victoria na nyanda za juu. Machi 2018 ilikuwa hivyo, na vimbunga Dumazile na Eliakim vikiwa mashariki ya Madagaska vikazidi kuuvuta ule upepo, bara wakaoga mvua. Ila sisi pwani masika yetu inategemea upepo wa kutoka baharini, na huo wa magharibi unaudhoofisha. Zamu yetu huwa bora kundi likishafika Pasifiki, fezi ya 6 mpaka ya 8, upepo wa bahari ukirudi na nguvu.

Vimbunga: kundi likiwa Bahari ya Hindi, upepo wa magharibi karibu na ikweta unapishana na ule wa kusi kule kusini zaidi, hewa inaanza kuzunguka, ndio maana nafasi ya kimbunga inapanda upande wa Madagaska, baadaye Australia, kundi likisogea. Haina maana lazima kitokee, na Pangani mko karibu mno na ikweta, ni nadra kufika.

Ukifungua ule mchoro wa kufuatilia MJO, wenye mihimili ya RMM1 na RMM2, cheki kitone cha leo kiko ndani ya duara la katikati au nje. Kikiwa ndani MJO ni dhaifu, usiihesabu kabisa. Kikiwa nje, fezi ya 3, hesabu kama wiki mbili tatu kifike ya 6, na hata hapo subiri uone upepo wa bahari unavuma siku kadhaa mfululizo na udongo umelowa kina cha kiganja ndio upande. Manyunyu ya siku mbili achana nayo.