Kurasa tatu ziwe aya moja: mashine za kukausha mahindi za Bweyale na ombi la milioni 24

Nimekaa miaka kadhaa hapa Kampala nikisoma maombi ya fedha ya kampuni changa kwa niaba ya kikundi kidogo cha wawekezaji. Asubuhi moja naweza kukuta maombi ishirini. Ninayosoma kwa makini ni aya ya kwanza tu, na nikifika mwisho wake bila kujua nani ana shida gani, kazi imefika wapi na mnataka shilingi ngapi za kufanyia nini, nahamia ombi linalofuata. Kwa hiyo, ninyi mnaoandika ombi lenu la kwanza, nataka niwaonyeshe aya moja ilivyozaliwa, kwa kuwa nilikaa nayo mezani pamoja na mwenyewe kuanzia asubuhi hadi jioni.

Mwenyewe ni dada mmoja wa Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, kwenye barabara kuu ya kwenda Gulu. Ana mashine mbili za kukausha mahindi anazozungusha vijijini. Mashine huchoma magunzi, feni ya injini ya petroli inasukuma hewa ya moto, na kilo 500 zinakauka kwa saa kama tatu. Tarakimu nitakazotaja nimezigeuza kidogo ili biashara yake isitambulike, lakini uwiano wake ni uleule.

Kurasa zake tatu zilianza hivi: “Kilimo ni uti wa mgongo wa Uganda. Upotevu baada ya mavuno ni changamoto kubwa inayowakabili mamilioni ya wakulima. Kampuni yetu inaleta suluhisho la kibunifu…” Nusu ya ukurasa wa pili ilisimulia jinsi Kenya ilivyosimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania Machi 2021 kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, kisha ikafungua mpaka siku chache baadaye kwa masharti. Yote kweli. Mwishoni kabisa, mstari wa mwisho: “Tunatafuta uwekezaji wa kati ya dola 50,000 na 500,000.”

Tulianza na shida. Nilimwomba aache Uganda nzima, aniambie kuhusu mteja mmoja aliyemhudumia mwaka uliopita. Akanitajia mzee mmoja aliyevuna Julai huku mvua ikinyesha, akaanika mahindi kwenye turubai, yakaloa, akaanika tena. Mchuuzi akaja, akachovya mkono ndani ya gunia, akang’ata punje, akasema: “Mzee, haya mabichi. Nakupa mia sita.” Makavu siku hiyo yalikuwa 850 kwa kilo. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na ya mzee yalikuwa kama asilimia 20. Hapo tukapata shida yenye bei, na shida yenye bei ndiyo mwekezaji anaweza kuipima.

Kisha tukakuta kosa. Alikuwa ameandika kwamba mkulima anapata shilingi 250 zaidi kwa kila kilo, yaani 850 kutoa 600. Nikamuuliza, “Dada, gunia likikauka linabaki na uzito uleule?” Akanyamaza. Tukachukua karatasi. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20 zina kilo 80 za nafaka yenyewe na 20 za maji. Ukizikausha hadi asilimia 13.5, zile kilo 80 zinakuwa asilimia 86.5 ya mzigo, na mzigo mzima unabaki kama kilo 92.5. Mabichi yangemletea mzee shilingi 60,000. Makavu, 92.5 mara 850, yanaleta kama 78,600. Dada anatoza shilingi 80 kwa kila kilo inayoingia mashineni, yaani 8,000, kwa hiyo mzee anabaki na 70,600. Faida yake ni shilingi 10,600 kwa kilo 100, si 25,000.

Aliumia kuona tarakimu imeshuka kiasi hicho. Lakini ile 25,000 ingemwangusha, maana mtu yeyote aliyewahi kununua nafaka angeiona papo hapo, na baada ya hapo asingeamini tarakimu nyingine hata moja. Shilingi 10,600 bado ni sababu ya kutosha kwa mkulima kulipa.

Sehemu ya pili ni mashiko, yaani ushahidi kwamba kazi imeshika na watu wanalipa. Hapa ndipo wengi wenu mnapojaza vitu visivyo mashiko: tuzo, mafunzo mliyohudhuria, picha na wakubwa, idadi ya watu waliobofya ukurasa wenu. Dada naye alikuwa ameandika “tumewafikia wakulima 2,300”. Nilipouliza kufikiwa maana yake nini, kumbe ni waliosikia tangazo lake kwenye redio ya pale. Tukaifuta. Tukafungua daftari lake la stakabadhi na taarifa za mobaili mani, tukahesabu waliolipa tu. Julai hadi Septemba 2023, wakulima 41, tani 61. Miezi ileile 2024, wakulima 96, tani 148. Kati ya wale 41 wa kwanza, 33 walirudi.

Hiyo 33 haikuwa popote katika kurasa zake tatu, na kwangu ndiyo tarakimu nzito kuliko zote. Mkulima akijaribu mara moja, huenda ni udadisi. Akirudi na kulipa tena mwaka unaofuata, amepiga hesabu yake mwenyewe ikamkubali.

Tani 148 nazo zilikuwa na siri yake. Mashine moja inafanya mizunguko mitatu kwa siku, tani moja na nusu, na msimu wa mvua una siku za kazi kama 50, kwa hiyo mashine moja haiwezi kuzidi tani 75. Mbili ni 150. Yaani mashine zake zilikuwa zimejaa. Mtu asiyejua hilo ataona tani 148 kama biashara ndogo, ila ukimwambia kwamba uwezo wa mashine ni 150, anaelewa mara moja fedha zinahitajika wapi.

Kulikuwa pia na jambo ambalo alikuwa amelificha kwa kutojua. Alichukua mapato ya Julai hadi Septemba akayazidisha mara mbili, kwa kuwa kuna misimu miwili. Lakini mavuno ya pili yanaangukia kiangazi, na jua la Desemba linakausha mahindi bure. Msimu ule wa pili alikausha tani 22 tu. Tukaamua hesabu yote isimame juu ya msimu mmoja, na cha Desemba kikija, kije kama nyongeza.

Kisha ombi. Baada ya kufuta ile “kati ya 50,000 na 500,000”, alitaka kuandika mashine sita. Nikamuuliza mahindi ya kuzishibisha yako wapi, kwani sita zinahitaji tani 450. Akaleta orodha ya wakulima aliowakataa kwa kukosa nafasi: 70. Kwa wastani wa tani moja na nusu kila mmoja, hizo ni tani 105. Na chama kimoja cha wakulima kilikuwa kimemwandikia barua ya kumletea tani 120. Jumla 225, gawanya kwa 75, unapata mashine tatu kamili. Ombi likashuka, lakini sasa kila mashine ina mahindi yake yanayoisubiri.

Aina ya fedha pia lazima itajwe. Yeye aliandika “hisa, tutajadiliana”. Biashara inayokua kwa mashine tatu tatu ni nzuri, ila haitakuwa kubwa mara kumi ndani ya miaka mitano, na mwekezaji wa hisa anatafuta ukuaji wa namna hiyo. Iliyomfaa ni mkopo unaolipwa baada ya mavuno. Tukapima kama anaweza kuulipa. Mashine tano, tani 375, na kila kilo inaacha shilingi 45 baada ya petroli na vibarua: kama milioni 16.9. Toa milioni 5 za mishahara na kodi ya stoo kwa mwaka, inabaki 11.9. Akilipa milioni 8 kila Septemba, bado ana pumzi ya milioni 3.9 mwaka ambao mvua itachelewa au injini itakufa.

Jioni aya ikasimama hivi:

“Mkulima wa mahindi wa Bweyale anavuna Julai wakati wa mvua, na mahindi yake yenye unyevu wa asilimia 20 yananunuliwa shilingi 600 kwa kilo badala ya 850. Tunamkaushia kijijini kwake hadi asilimia 13.5 kwa shilingi 80 kila kilo, na baada ya kutulipa na kutoa uzito uliopungua, anabaki na takriban shilingi 10,600 zaidi kwa kila kilo 100. Julai hadi Septemba 2024 tulikausha tani 148 za wakulima 96, kutoka tani 61 za wakulima 41 mwaka 2023; 33 kati ya wale 41 walirudi. Tuliingiza shilingi milioni 11.8, na baada ya petroli na vibarua zilibaki milioni 6.7. Mashine zetu mbili zina uwezo wa tani 150 kwa msimu, hivyo tuliwakataa wakulima 70, na chama kimoja cha wakulima kimetuahidi kwa barua tani nyingine 120. Tunaomba mkopo wa shilingi milioni 24 kabla ya mwisho wa Aprili 2025: milioni 12 za mashine tatu, 9 za pikipiki ya magurudumu matatu ya kuzisafirisha, 1 ya vipima unyevu viwili, na 2 za petroli na vibarua vya wiki za kwanza. Tutalipa milioni 8 kila Septemba kwa miaka minne, riba ikiwa ndani yake.”

Sumukuvu haimo, ingawa dada aliitetea sana. Ni sababu halisi ya mnunuzi mkubwa kukataa mahindi mabichi, lakini yeye hajawahi kupima sumukuvu hata gunia moja, anapima unyevu. Huwezi kudai kwenye aya kitu ambacho huna kipimo chake. Ikabaki ukurasa wa pili, kwa atakayeuliza.

Aprili imetajwa kwa sababu mashine huchukua wiki kadhaa kutengenezwa, na fedha zikija Juni, mavuno yatampita. Ukiweka tarehe, weka na sababu yake kichwani, utaulizwa.

Aya ilipopita mikononi mwa wawekezaji, hakuna aliyeuliza soko ni kubwa kiasi gani. Mmoja alipiga simu akauliza swali moja: feni ikiungua katikati ya Agosti, nani anaitengeneza na kwa siku ngapi? Dada akamjibu kwamba ana fundi palepale sokoni Bweyale, ana feni moja ya akiba, na mwaka 2024 alipoteza siku mbili tu. Wakapanga siku ya kwenda kuziona mashine.