Barua kwa mwanangu: unga wa vitumbua na baridi yetu

"Mama, nimesaga mchele, nikatia hamira mpya kabisa, unga umelala usiku kucha hapa Makambako haujaumuka hata kidogo. Wewe bibi yako alikufundishaje kule Uyole?"

Mwanangu, niambie kwanza hilo tui ulilitia likiwa na joto gani, maana kosa langu la kwanza lilikuwa hapohapo. Nilikuwa darasa la sita, mwezi wa saba, baridi ya Uyole unaijua, ukiamka asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole. Mchele ulikuwa umelowekwa tangu jana yake jioni, bibi alikuwa ananunua chenga kwa sababu ni bei rahisi na kwenye vitumbua inasagika tu sawa na mchele mzima, vikombe viwili. Nikaona kwa baridi ile nisaidie hamira, nikachemsha tui nikalimwagia likiwa linatoa moshi. Tukangoja mpaka saa sita mchana, unga umetulia kama maji ya mtungi. Bibi akaunusa akasema, hamira umeipika mwenyewe, imekufa. Hakunigombeza, ila akanilowekesha mchele mwingine jioni ileile.

Kesho yake akanishika mkono, akachovya kidole changu kidogo kwenye tui. Akasema hesabu mpaka kumi, kama kidole hakitaki kutoka na wala hakiungui basi tia hamira. Joto la maziwa ya kumpa mtoto. Kijiko kimoja cha chai cha hamira, sukari kijiko kimoja cha chakula tu, funika kidogo mpaka iote povu juu. Povu lisipotokea ndani ya dakika kumi au kumi na tano usihangaike kuichanganya na mchele wako. Sukari nyingine alitia unga ukishaumuka, alisema ukiitia yote mwanzoni hamira inalemewa, na kwenye baridi ndio kabisa inachelewa.

Halafu kuna uji, na nadhani huu ndio hukuutia. Ukishasaga (bibi alitwanga kwenye kinu na kuchekecha, wewe una blenda, tumia, ila saga mpaka ukisugua katikati ya vidole usisikie mchanga) chota vijiko vitatu vya ule mchele uliosagwa, ongeza maji nusu kikombe, koroga motoni uwe uji mzito, uache upoe uwe vuguvugu ndipo uurudishe kwenye unga. Mchele hauvutiki kama ngano, hewa ya hamira inapanda inapasuka juu na kupotea, sasa ule uji ndio unaoishika. Ukiuruka unaweza kuona mapovu kabisa na bado kitumbua kikatoka kigumu katikati.

Uzito wa unga wote uwe kama uji wa mgonjwa, ukiinua upawa uteremke kwa utepe, usidondoke mabongemabonge. Nazi za sokoni Mwanjelwa zimetoka mbali na nyingine zimekauka, kwa hiyo tui litie kidogokidogo, usifuate kipimo cha kikombe. Iliki saga mwenyewe.

Kuumua sasa. Bibi alifunika sufuria kwa kitambaa, akaizungushia blanketi kuukuu, akaiweka pembeni ya mafiga pale majivu yalipokuwa bado yana uvuguvugu, sio karibu na moto, maana unga ukiiva chini umeharibika. Kwa jua la Kyela saa moja inatosha, kwetu ilikuwa masaa matatu. Wewe weka sufuria ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, yakipoa badilisha. Usiuache usiku kucha juu ya sakafu ya saruji, baridi inapanda kutoka chini na hamira inalala tu.

Bibi aliniinamisha sikio kwenye sufuria. Unga ulioumuka unasikika, vipovu vinapasuka taratibu kama mvua ya mbali kwenye bati, na harufu ni ya uchachu mdogo kama togwa ya siku ya kwanza. Ukikuta maji yamejitenga juu na harufu inakupiga puani umepitiliza, huo vitumbua vyake vinanyonya mafuta na katikati vinabonyea.

Ukishatia sukari koroga taratibu, uache robo saa upande tena. Pasha chuma, mafuta nusu kijiko cha chai kila shimo, unga robo tatu ya shimo, moto mdogo. Pindua pembeni pakishakuwa kahawia na juu pametoboka matundu. Choma kimoja tu kwanza, kipasue, kama ndani kuna matundu endelea, kama kimeshikana kama ugali rudisha sufuria kwenye maji ya vuguvugu nusu saa nyingine.

Huo wa jana kama haunuki vibaya usiumwage. Amsha hamira nyingine pembeni kama nilivyokwambia, tia uji, leo jioni uniambie umesikia nini kwenye sufuria.

Mama yako