Jina la mkutano wa ukoo na grupu lake: fikirieni kwanza anayekaa pembeni

Desemba inapokaribia na wenyeji wa Kilimanjaro waliotawanyika wanaanza kupanga safari ya nyumbani, grupu la WhatsApp hufunguliwa haraka haraka, na jina huwekwa na yule aliyelifungua. Mara nyingi huwa "Ukoo wa" fulani, jina la upande wa baba. Hapo watu wameshaachwa nje bila mtu kukusudia. Watoto wa binti aliyeolewa wanatumia jina la ukoo mwingine. Mkwe aliyetoka Tanga au Mbeya anajiona mgeni. Mjukuu wa miaka kumi na sita anaona ni grupu la vikao vya wakubwa, analizimia sauti siku hiyo hiyo.

Tuchukue familia ya mfano. Wazee ni Elia na Anna wa Marangu, wana watoto saba, wanne wa kike, na sasa kuna wajukuu na vitukuu. Majina yanayoletwa kwanza huwa yale yale, na kila moja lina mtu linayemwacha.

"Wajukuu wa Elia" linawapendeza vijana, lakini watoto saba wa kuzaa si wajukuu, na ndio wanaotarajiwa kubeba sehemu kubwa ya gharama. Tena Bibi Anna hayumo kabisa. "Wazao wa Elia na Anna" linamrudisha bibi na linawakusanya watoto wa mabinti, ila linawafungia mlango wakwe wote pamoja na mtoto aliyelelewa pale nyumbani bila kuzaliwa pale. "Krismasi Marangu" ni tamu masikioni, lakini mkwe Mwislamu na wanawe wataona wamealikwa kwenye sikukuu ya wengine. Neno la Kichaga nalo lina uzito wake. Wazee watalifurahia, lakini wajukuu waliokulia Dar es Salaam wengi hawataweza kulitamka, na Kichaga cha Marangu hakifanani na cha Machame au Rombo walikotoka baadhi ya wakwe.

Kuna jina moja linalohitaji tahadhari ya pekee: lenye neno "kihamba", yaani shamba la ukoo la Wachaga linalozunguka nyumba. Linavutia kwa sababu ndipo nyumba ilipo na ndipo waliotangulia wamezikwa. Lakini kwa mila kihamba hurithiwa na wana wa kiume, kwa hiyo binti aliyeolewa akiliona juu ya grupu anaweza kusoma ujumbe wa urithi ambao hamkuukusudia. Kama kuna mgogoro wa ardhi unaofukuta, msiliguse.

Kinachofanya kazi vizuri ni jina linalotaja mahali watu wanapokwenda badala ya damu inayowaunganisha. "Kwa" inatosha. Mkwe anakwenda kwa wazee, kitukuu anakwenda kwa wazee, mtoto wa kulelewa alikulia kwa wazee. "Kwa Babu Elia na Bibi Anna" ni jina zuri, ila ni refu. Kwenye simu iliyokuzwa maandishi, kama zilivyo simu nyingi za watu wazima, orodha ya mazungumzo hulikata baada ya "Kwa Babu Elia", na bibi anapotea tena. Kuandika "Kwa Elia na Anna" kunaokoa nafasi lakini kunawataja wazee kwa majina matupu, na shangazi mkubwa hatalinyamazia hilo. "Kwa Wazee Elia na Anna" linatatua yote mawili. Kwa watoto, wazee ni wazazi. Kwa wajukuu ni babu na bibi. Heshima ipo, na likikatwa bado linaeleweka. Tena kwa mdomo litafupika lenyewe kuwa "Kwa Wazee", na mtoto wa miaka sita anaweza kulisoma kwenye fulana.

Kama babu alioa wake wawili, msilitumie jina la namna hii lenye bibi mmoja. Nyumba ya pili itaingia kwenye grupu na kukaa kimya. Tajeni wote watatu kama wanaenea, au mtajeni mzee pamoja na kijiji tu, na picha ya grupu ibebe nyumba zote.

Kabla ya kupitisha jina, lipimeni kwa watu wanne: mzee kuliko wote, mkwe mmoja, mtoto wa binti mmoja, na kijana mmoja wa shule. Msiwaulize kama wanalipenda, maana kwa adabu watasema ndiyo. Mwambieni mzee alitafute kwenye simu yake mwenyewe mkiwa mmekaa kando. Akipita juu yake mara mbili, tatizo ni mwanzo wa jina: simu yake imejaa magrupu yanayoanza na "Familia ya", na la kwenu limezama humo. Mzee asiyesoma vizuri hulitambua kwa picha, hivyo wekeni picha moja ya wazee wawili, nyuso kubwa, wala si picha ya watu arobaini wanaoonekana kama punje. Mkwe mwombeni amweleze rafiki yake hilo ni grupu gani. Akisema "la kina mume wangu", jina halijamfikia.

Kura msiipige kwa chombo cha kura cha WhatsApp. Kinaonyesha nani amechagua nini, kwa hiyo mjomba akishabonyeza, wapwa humfuata. Wenye simu za kitochi hawamo kabisa, na mara nyingi hao ndio wazee wenyewe. Chagueni mtu mmoja anayeaminika na pande zote, awapigie watu au apokee ujumbe binafsi, na majina ya kuchagua yasizidi matatu.

Mkutano na grupu visishirikiane mwaka. Grupu linaitwa "Kwa Wazee Elia na Anna" miaka yote. Mkutano unaitwa "Kwa Wazee, Marangu 2026", na mwaka huo uonekane kwenye bango, fulana na daftari la michango. Grupu lenye mwaka kwenye jina huonekana limekufa ifikapo Februari, kisha mtu hufungua jipya, na wale ambao namba zao zimebadilika hawafuatwi tena.

Jina likishapita, msimamizi aingie kwenye Group permissions na kuzima Edit group settings kwa wanachama wa kawaida. Bila hivyo kijana atalibadilisha usiku wa mwaka mpya kwa furaha tu, na asubuhi mzee atadhani ameondolewa. Wasimamizi wawe watatu hivi, angalau mmoja awe mtoto wa binti. Kwenye maelezo ya grupu andikeni sentensi mbili: "Hapa ni kwa watoto, wakwe, wajukuu, vitukuu na wote waliolelewa kwa Mzee Elia na Mama Anna. Michango inajadiliwa kwenye grupu la kamati." Sentensi ya pili ni muhimu, kwa sababu grupu linalodai pesa kila asubuhi huwafukuza vijana hata kama jina ni zuri.

Na mzee mmoja akifariki, jina lisiguswe. Watu hukimbilia kuligeuza kuwa "Msiba wa", na wiki tatu baadaye hakuna mwenye moyo wa kulirudisha. Fungueni grupu la msiba kando, hesabu za rambirambi zisomwe humo, kisha lifungwe.