Mfumuko ukishuka, bei haishuki

*Shikamoo mwalimu. Ninaandika insha ya kupima kipi kinaifaa nchi changa yenye uchumi mdogo: kulenga mfumuko wa bei, au kutia nanga thamani ya fedha yake. Mhadhiri wangu amekata "kulenga" kwa wino mwekundu. Anasema benki kuu haiwezi kulenga kitu isichokitaka. Nimekosea wapi? – Mwanafunzi, Iringa*

Marahaba. Mhadhiri wako ana masikio, ila kabisha hodi nyumba ya jirani. Ni kweli mwindaji humlenga swala kwa kuwa anamtaka, na hakuna benki inayoutaka mfumuko. Lakini benki hailengi mfumuko wenyewe, inalenga namba yake. Umedondosha neno moja tu, "kiwango". Andika "kulenga kiwango cha mfumuko wa bei" na wino mwekundu utakosa pa kukaa.

"Mfumuko" tumelitoa kwenye kufumua, kazi ya mshono kuachia. "Bei" ni ya Waarabu, kwao ni kuuza. Asili imetosha hapo, maana nina jambo linaloniwasha siku nyingi na wewe umenifungulia mlango.

Kuna gazeti, silitaji, liliwahi kupamba ukurasa wa mbele kwa habari kwamba mfumuko umeshuka, kwa hiyo wananchi wajiandae kununua vitu kwa bei nafuu. Nililikunja nikaenda nalo Mwanjelwa kwa mama ninayenunua kwake maharage. Nikamsomea. Akauliza, "Baba, huyo aliyeandika anakula wapi?"

Tumhesabie huyo mwandishi. Debe la maharage ni shilingi 40,000. Mwaka wa kwanza bei inapanda kwa asilimia 10, debe linafika 44,000. Mwaka wa pili inapanda kwa asilimia 3, debe linafika 45,320. Mfumuko umeshuka kutoka 10 hadi 3, na mama ameongeza 1,320 juu ya bei ya mwaka jana. Hakuna aliyedanganya isipokuwa gazeti. Basi la Tunduma likipunguza mwendo kutoka kilometa 100 hadi 30 kwa saa, halijaanza kurudi Mbeya. Bado linakwenda Tunduma, polepole. Mfumuko ni mwendo wa bei, na mwendo ukishuka, basi halirudi nyuma. Bei zenyewe zikirudi nyuma hilo ni jambo jingine kabisa, na ni nadra. Kwa hiyo nimeomba, na nitaendelea kuomba: semeni mfumuko "umepungua", wala msiseme "umeshuka", maana msomaji akisikia "kushuka" karibu na "bei" anashika kikapu.

Najua sitasikilizwa. Watu walewale huandika kwamba shilingi "imepanda hadi 2,700" kwa dola, ilhali siku hiyo shilingi ndiyo iliyoanguka na dola ndiyo iliyopanda. Nimezeeka, hilo nimeliachia Mungu.

Sasa turudi kwenye insha yako, kwa sababu ugomvi wangu na gazeti ndio ufunguo wake. Anayelenga kiwango cha mfumuko anashika *mwendo* wa bei zote kwa pamoja, na bei ya dola anaiacha iyumbe. Anayefunga fedha yake kwenye dola anashika *bei* moja tu, ya dola, na mwendo wa bei nyingine anauacha ufuate. Ukiweka hilo kwenye aya ya kwanza, nusu ya insha imekwisha.

Chukua mfuko wa mbolea, na ruzuku tuiweke pembeni. Tuseme bandarini ni dola 30. Dola ikiwa 2,500, mfuko ni shilingi 75,000. Kahawa na korosho zikiuzika vibaya nje, dola zinaadimika, dola moja inafika 2,700 na mfuko unafika 81,000. Nchi inayolenga mfumuko inaumeza mshtuko huo: mkulima wa Mbozi anaumia, na benki kuu haikimbilii kuizuia dola. Inachokichunga ni kama kinyozi, bodaboda na mwenye nyumba nao wanapandisha kwa kisingizio cha mbolea. Ikiona moto unasambaa, inapandisha riba. Benki Kuu yetu imesogea upande huo tangu Januari 2024, ilipoanza kutangaza Riba ya Benki Kuu kwa asilimia 5.5, huku lengo la mfumuko likiwa kati ya asilimia 3 na 5.

Udhaifu wake uandike bila aibu. Riba haileti mvua Usangu. Chakula kinapobeba zaidi ya robo ya kapu linalopimia mfumuko, ukame unaweza kulipita lengo bila kubisha hodi. Tena riba ya benki inamgusa kwa mbali sana anayekopa kwenye kikoba.

Nchi iliyofunga fedha yake ingeuacha mfuko kwenye 75,000. Raha iliyoje. Lakini bei hiyo haisimami kwa tangazo. Kila anayetaka dola kwa 2,500 lazima azipate, na anayeziuza ni benki kuu, kutoka akibani. Akiba ikipungua inabaki njia tatu: kupandisha riba hadi biashara zikohoe, kugawa dola kwa vibali, au kuifungua kamba. Dalili utaiona mapema: bei ya dirishani na bei ya uchochoroni zinaanza kuachana.

Sisi wa umri wangu tulipita huko. Miaka ya 1980 mwanzoni bei ya dola iliwekwa na serikali, na kwenye karatasi ilikuwa nzuri. Dukani hapakuwa na sabuni wala sukari, neno "magendo" likawa la kila siku, na mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka 1985 dola ilikuwa takriban shilingi 17 kwa bei ya serikali. Mwisho wa 1986 ilikuwa imepita 50. Kamba iliyoshikiliwa bila akiba haikuzuia bei kupanda, iliificha tu.

Hapo ndipo "nanga" yako inaponitatiza. Kwanza, wachumi huita njia zote mbili nanga, hata lengo la mfumuko, kwa hiyo nanga haiwezi kuwa kinyume cha kulenga. Pili, wavuvi wa Kyela watakwambia nanga hushika chini ya ziwa, mahali pasipohama. Dola inahama. Mtumbwi uliofungwa kwenye meli hauna nanga, unakokotwa. Lesotho na Eswatini zimefunga fedha zao kwa randi, moja yao kwa randi moja, na zinapata utulivu wa bei kwa sababu sehemu kubwa ya wanachonunua nje kinatoka Afrika Kusini. Lakini riba yao inaamuliwa kwa kutazama Pretoria, hata kama mvua imenyesha Maseru na si Pretoria. Na Afrika Kusini yenyewe inalenga mfumuko tangu mwaka 2000! Kwa nchi inayonunua kwa jirani mmoja mkubwa, kamba ina maana. Yetu, inayonunua China, India na Uarabuni na kuuza dhahabu, kahawa na korosho, jirani huyo hana, na mimi nisingeifunga.

Kwa hiyo andika "kulenga kiwango cha mfumuko wa bei" upande mmoja, na "kuifunga shilingi kwenye dola" upande wa pili. Kisha mpelekee mhadhiri wako salamu zangu, umwombe nusu ya alama aliyokata. Nusu nyingine ni yake, kwa lile neno "kiwango".