Desimali moja si pambo: kugeuza orodha ya Selsiasi kuwa Farenhaiti

*Habari mtaalamu. Niko kiwanda cha minofu ya sangara Mwanza. Mteja wetu wa Marekani anataka kumbukumbu za joto la chumba cha baridi ziwe Farenhaiti, desimali moja, na ile alama ya digrii. Nina vipimo 300 kwenye Excel. Mwenzangu anasema nizidishe kwa mbili, nijumlishe 30, halafu niandike °F kwa mkono. Nimsikilize?*

Usimsikilize, wala usimlaumu sana, maana hiyo "mara mbili jumlisha thelathini" inazunguka kila mahali na kila anayeisambaza huiita siri ya wataalamu. Ni hila ya msafiri anayetaka kujua kama avae sweta. Kwenye kumbukumbu ya chakula haina kazi, na kwa chumba chako cha baridi inakosea upande mbaya kabisa.

Kati ya maji kuganda na maji kuchemka, Selsiasi ina nyuzi 100 na Farenhaiti ina nyuzi 180, kuanzia 32 hadi 212. Ndiyo maana tunazidisha kwa 9, tunagawanya kwa 5, kisha tunajumlisha 32. Hila ya mwenzako inaweka 2 mahali pa 1.8, na 30 mahali pa 32. Makosa hayo mawili yanafutana katika nukta moja tu, nyuzi 10 za Selsiasi, ambazo kwa njia zote mbili ni 50. Juu ya hapo hila inazidisha joto: mgonjwa wa nyuzi 37 anapewa 104, wakati jibu ni 98.6. Chini ya hapo inapunguza, na chumba chako kiko chini ya hapo.

Sasa tazama vipimo vyako. Mwongozo wa FDA ya Marekani kuhusu samaki hutumia kikomo cha 40 °F kwa samaki wanaohifadhiwa bila kugandishwa, na kwenye mabano huandika 4.4 °C. Chukua kipimo cha 4.5. Hesabu sahihi ni 4.5 mara 9, gawanya kwa 5, jumlisha 32: unapata 40.1, umevuka. Hila inasema 9 jumlisha 30, yaani 39.0, uko salama. Kipimo cha 4.9 ni 40.8 kwa kweli, na hila inakupa 39.8. Hata nyuzi 5 kamili, ambazo ni 41.0, zinatoka 40. Kwa hiyo kila kipimo cha kuanzia 4.5 hadi 5.0, ambacho ndicho mkaguzi anakitafuta, hila inakificha. Mteja akigeuza mwenyewe vipimo vyako vya awali na kukuta tofauti ya nyuzi moja nzima, hataamini kwamba ni ujinga wa hesabu. Atadhani umepika takwimu.

Fomula ya kuweka kwenye safu C, kama vipimo viko safu B, ni hii:

```
=IF(B2="","",ROUND(B2*9/5+32,1))
```

Ikiwa kompyuta yako imewekwa kutumia mkato mahali pa nukta ya desimali, mikato ndani ya fomula itabidi iwe nukta mkato. Zaidi ya hapo, iburute hadi safu mlalo ya mwisho na umemaliza hesabu. Usiweke mabano kwenye B2+32. Ukijumlisha kwanza kisha ukazidisha, 4.4 inakuwa 65.5, ila kosa hilo angalau linajionyesha lenyewe.

Huenda unashangaa ile IF ya mwanzo ni ya nini. Seli tupu kwa Excel ni sifuri, na sifuri ya Selsiasi ni 32. Umeme ukikatika na kifaa kisiporekodi saa mbili, fomula isiyo na IF itakujazia 32.0 kwenye nafasi hizo, na 32.0 kwenye chumba cha samaki inaonekana nzuri mno. Umetengeneza kipimo ambacho hakuna aliyekipima. Pengo liache liwe pengo, na sababu yake iandike pembeni.

Jambo linalokera kuliko hata hila ya mara mbili ni watu kudhani desimali moja ni sura ya namba. Mtu ana 3.6, 4.4 na 4.5. Anaona desimali zinachosha, anazikadiria kwanza kuwa 4, 4 na 5, kisha anageuza. Anapata 39.2, 39.2 na 41.0, anafurahi kwamba kila moja ina desimali yake kama mteja alivyotaka. Majibu ya kweli ni 38.5, 39.9 na 40.1. Kipimo cha kwanza na cha pili, vilivyoachana karibu nyuzi moja na nusu za Farenhaiti, vimekuwa pacha. Cha tatu, kilichovuka kikomo kwa kiasi kidogo tu, kimesukumwa mbali zaidi. Desimali ipo kwenye karatasi, lakini haina habari ndani yake.

Na usidhani haionekani. Namba nzima ya Selsiasi ikigeuzwa hutoa desimali shufwa tu: 3 ni 37.4, 4 ni 39.2, 5 ni 41.0, 6 ni 42.8, 7 ni 44.6. Orodha ya vipimo 300 ambayo haina hata namba moja inayoishia na .1, .3, .5, .7 au .9 inamwambia msomaji mzoefu kwamba ama kifaa kilisoma namba nzima, ama mtu alikadiria kabla ya kugeuza. Kama kifaa chako kweli kinasoma namba nzima, mwambie mteja hivyo. Hakuna fomula itakayorudisha ambacho hakikupimwa. Kama kinasoma desimali moja, geuza kwanza ndipo ukadirie, na ukadirie mara moja tu. Kwenye vipimo vya desimali moja hutakumbana hata na ule ubishi wa "nusu inapanda au inashuka", kwa sababu tarakimu ya pili ya desimali baada ya kugeuza daima ni shufwa, kamwe si 5.

Uamuzi wa kuvuka au kutovuka kikomo fanya kwenye namba ambayo haijakadiriwa. Kifaa cha desimali mbili kikisoma 4.45, Farenhaiti yake ni 40.01, na baada ya ROUND utaona 40.0 ambayo haionyeshi kitu.

Sasa alama. Kuandika °F kwa mkono kwenye seli kunageuza namba kuwa maandishi, na Excel haihesabu maandishi. Ukiomba AVERAGE ya safu yote ya namna hiyo, unapata #DIV/0!, na hapo utashtuka. Ila ukiomba MAX, unapata 0 bila onyo lolote. Kwenye chumba cha minofu iliyogandishwa, "joto la juu kabisa: 0.0 °F" ni jibu ambalo mtu ataliamini na kuliwekea sahihi. Baya zaidi ni safu mchanganyiko, ambapo 40 zimeandikwa kwa mkono na 260 ni namba. Hapo wastani unatoka, unapendeza, na hizo 40 zimerukwa kimyakimya.

Alama iwe vazi la seli, isiwe sehemu ya namba. Chagua safu C, bonyeza Ctrl+1, nenda Number, kisha Custom, na kwenye kisanduku cha Type andika hivi:

```
0.0" °F"
```

Seli itaonyesha 39.9 °F, lakini ndani yake kuna 39.9 tupu inayojumlishika. Hata 41 itaonekana 41.0, jambo ambalo ROUND peke yake haikufanyii. Ukimaliza, andika =COUNT(C2:C301) mahali pembeni. Kama vipimo ni 300, hakuna pengo, na jibu si 300, kuna maandishi yamejificha. Kwa kawaida utayakuta yameegemea kushoto mwa seli wakati namba zimeegemea kulia. Safu B nayo ikileta #VALUE! kwenye C, kifaa kimekuletea "4.4 °C" kama maandishi. Tumia Ctrl+H kuondoa " °C" kwanza, wala usiizibe hiyo #VALUE! kwa fomula ya kuficha makosa.

Alama yenyewe kwenye Windows ni Alt na 0176 kwenye tarakimu za pembeni. Usiokote duara lolote linalofanana nayo. Kuna º, ambayo ni o ndogo ya juu ya Kihispania na Kireno, na kuna watu wanaoandika sifuri au herufi o kisha wanaipandisha juu. Kwenye karatasi huoni tofauti. Mteja akitafuta "°F" kwenye faili, seli hizo hazipatikani. Na kama anataka CSV, vua alama zote kabla ya kuhifadhi: rudisha muundo kuwa 0.0 na uandike °F kwenye kichwa cha safu tu. Excel huhifadhi CSV kama inavyoonekana kwenye skrini, hivyo alama zako zitaingia kama maandishi, na upande wa pili zikisomwa kwa usimbaji tofauti zitatoka "Â°F".

Kwa wanaofanya minofu iliyogandishwa: -18 °C ni -0.4 °F, na -17.8 ni -0.04, ambayo ikivalishwa muundo bila ROUND inaweza kujitokeza kama "-0.0". Hakuna sifuri hasi kwenye chumba cha baridi. ROUND inaisafisha.

Kuna kosa moja ambalo fomula sahihi ndiyo inayolizaa, na linakuja kutoka kwa watu makini. Kwenye fomu yako huenda pameandikwa usahihi wa kipimajoto, ±0.5 °C, au kwamba joto lisipande zaidi ya nyuzi 2 mlango ukiwa wazi. Hizo ni tofauti za joto, hazina 32 ndani yake. Zidisha kwa 1.8 peke yake: ±0.9 °F, na kupanda kwa 3.6 °F. Ukiziburuta pamoja na safu nyingine, kipimajoto chako kitatangazwa kuwa na usahihi wa ±32.9 °F. Tovuti za kugeuza vizio nazo zitakupa hiyo 32.9 ukiziandikia 0.5, kwa sababu hazijui kama umeandika joto la chumba au tofauti. Ndiyo maana nafasi za usahihi na za mabadiliko ya joto zijaze kwa mkono wako, baada ya safu ya vipimo kukamilika, na si kwa kuburuta fomula.