Mgonjwa anakataa damu: mara unamwacha, mara unamwongezea. Kwa nini?

"Wakuu, mtihani wa maadili ni wiki mbili zijazo. Maswali ya ridhaa yananimaliza. Swali moja mgonjwa anakataa damu na jibu sahihi ni kumwacha, linalofuata anakataa na jibu ni kumwongezea. Mnatofautishaje?"

Mkuu, swali hilohilo liliniangusha mimi. Mama wa miaka 54, Shahidi wa Yehova, kidonda cha tumbo kinavuja damu, hemoglobini imeshuka hadi 5. Yuko macho, anajibu vizuri, anasema bora afe kuliko kuongezewa damu. Mumewe, ambaye si wa dini hiyo, analia na kuwasihi madaktari wasimsikilize. Nilichagua "mwite daktari wa magonjwa ya akili". Nikakosa; jibu lilikuwa kumwacha.

Kosa langu lilikuwa kupima akili ya mama yule kwa uamuzi wake. Niliona uamuzi ni wa hatari, nikahitimisha kwamba hana uwezo wa kuamua. Uwezo hupimwa kwa namna mtu anavyoufikia uamuzi. Unatafuta mambo manne: anaelewa alichoelezwa, anatambua kuwa jambo hilo linamhusu yeye mwenyewe, anaweza kupima faida na hasara kwa sababu zinazoshikamana, na anaweza kutamka chaguo lisilobadilika kila dakika. Hayo anayapima daktari anayemtibu, tena kwa uamuzi ule mmoja, wakati ule. Daktari wa akili anaitwa palipo na shaka. Mume hapigi kura hapa, hata akilia vipi.

Watunzi wanapenda sana jambo la pili. Mtu anaweza kukariri kwamba asiyetibiwa hufa, lakini akaamini kabisa kwamba yeye hawezi kufa. Huyo ameelewa, ila hajatambua. Lakini usikimbilie kusema kila mwenye ugonjwa wa akili yuko hivyo. Mwaka 1993 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya C, mgonjwa wa skizofrenia aliyekuwa Broadmoor, hospitali ya akili yenye ulinzi mkali, na mguu wake umeoza. Aliamini kuwa yeye ni daktari mkubwa wa kimataifa, na akakataa kukatwa mguu. Mahakama ikaona kwamba kuhusu mguu ule alielewa, aliamini na alipima, hivyo ikakataza asikatwe bila ridhaa yake.

Rudi sasa kwa yule mama, tubadilishe kitu kimoja kimoja.

Akiwa amezungukwa na wazee wa kanisa wanaomjibia, usimkubalie wala usimkatalie kwanza. Waombe watoke, zungumza naye peke yake, mweleze tena na umwambie kuna njia gani nyingine pasipo damu. Ridhaa ya kulazimishwa si ridhaa, na kukataa kwa kulazimishwa vilevile.

Akizimia baada ya kukataa akiwa na akili timamu, neno lake linabaki palepale. Wengi hupotea hapa, wakidhani kupoteza fahamu kunafuta alichosema.

Akiletwa amezimia, hana kadi wala maandishi, hakuna anayejua msimamo wake, na damu inamwisha: mpe damu. Dharura inakuruhusu kwa sababu tunachukulia kwamba mtu wa kawaida angetaka kuokolewa. Lakini ukikuta kadi kwenye mkoba, dhana hiyo imekufa. Huko Ontario, Kanada, daktari alimwongezea damu mwanamke aliyezimia baada ya ajali ya gari ilhali kadi yake ya kukataa ilikuwa imeshaonekana, na binti yake alipofika alitaka damu isimamishwe. Mama alipona, kisha akashtaki. Mwaka 1990 mahakama ya rufaa ilithibitisha fidia ya dola 20,000. Daktari aliokoa maisha, na bado alihesabiwa kuwa amemgusa mtu bila ridhaa.

Sasa mfanye mgonjwa awe mtoto wa miaka 6, na wanaokataa ni wazazi. Jibu linageuka. Mzazi anaweza kujitoa mhanga mwenyewe, hawezi kumtoa mwanawe. Kama mtoto atakufa ukisubiri, mpe damu. Kama kuna muda, nenda mahakamani kwanza. Soma vizuri kama swali limesema "anatokwa na damu nyingi" au "atafanyiwa upasuaji wiki ijayo", kwa maana chaguo zote mbili huwa zimewekwa pale zikikusubiri.

Kijana wa miaka 15 ndiye mgumu. Kwa Uingereza, tangu kesi ya Gillick ya 1985, akielewa vya kutosha anaweza kuridhia tiba mwenyewe, lakini akikataa tiba ya kuokoa maisha mahakama inaweza kuamua atibiwe hata hivyo. Kwa hiyo uwezo wa kusema ndiyo haumpi moja kwa moja nguvu ya kusema hapana. Nchi nyingine zina mipaka yake, basi angalia mtihani wako unafuata sheria ya wapi kabla hujakariri umri wowote.