Nilijikinga pasipohitajika, chanzo changu akaumia

Nilikuwa nafuatilia viwanja vilivyogawiwa watu wawili wawili katika kata moja, na karani wa ofisi ya ardhi akanipa barua iliyoonyesha jinsi ilivyofanyika. Niliamini nimejilinda. Nilikuwa na VPN ya kulipia, plasta juu ya kamera ya kompyuta, na neno la siri nililolibadilisha kila mwezi. Habari ilipotoka hazikupita wiki mbili, karani akahamishiwa mbali na watoto wake.

Hakuna aliyedukua kitu. Picha ya barua niliyoichapisha ilikuwa na mkunjo na alama ya kalamu pembeni, na mkuu wake aliijua nakala ile. Isitoshe, tulikuwa tumepigiana simu ya kawaida mara nne. Naliandika hili nikijua kwamba yeye ndiye aliyelipa.

Tangu hapo, kabla ya habari yoyote nzito, nachukua karatasi na kujibu maswali matano: Nalinda nini? Nakilinda dhidi ya nani? Huyo mtu ana njia gani rahisi ya kukipata? Akikipata, nani ataumia na kwa kiasi gani? Nina muda na fedha kiasi gani za kumzuia? Swali la tatu ndilo wengi tunaliruka, na ndilo linalokuambia uhangaike na kipi.

Turudi kwa karani. Kilichopaswa kulindwa ni jina lake, kwa sababu barua yenyewe ingetoka gazetini. Anayelitafuta jina hilo ni mkuu wake wa kazi. Njia yake ya kwanza haihitaji teknolojia: anahesabu ni watu wangapi waliipata barua. Wakiwa watatu, hata mazungumzo yenu yangefungwa kwa usimbaji bora kuliko wote duniani, anawaita ofisini mmoja mmoja. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa chanzo siku hizi ni hili: "Nani mwingine anayo?" Jibu likiwa dogo, sichapishi picha. Naandika upya yaliyomo kwa maneno yangu, naondoa tarehe na kumbukumbu namba, na natafuta mtu wa pili wa kuyathibitisha.

Njia ya pili ni rekodi za simu. Kampuni ya simu huhifadhi nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani na kupitia mnara upi, na polisi wanaweza kuziomba. Wenzangu wengi hukimbilia kununua laini ya pili. Hapa Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo jina lako linaifuata. Hata kama isingekuwa hivyo, simu inayolala chini ya mnara uleule na kuwapigia watu walewale inajieleza yenyewe. Mimi sinunui tena. Kupiga kwa WhatsApp au Signal kunatosha kuondoa namba ya chanzo kwenye rekodi ya kampuni. Yaliyo mazito zaidi tunakutana ana kwa ana, simu zikiwa zimebaki nyumbani.

Njia ya tatu ni simu kushikwa mkononi, na hapa nilikosea kwa kuifikiria yangu tu. Simu iliyo rahisi zaidi kuchukuliwa ni ya karani, maana mkuu wake anaweza kusema "hebu nione" mbele ya watu. Signal ni nzuri, lakini kwenye ofisi ambayo hakuna mwingine anayeitumia, alama yake tu kwenye kioo inazaa maswali. Kwa mtu kama huyo nachagua WhatsApp ambayo kila mtu anayo, ujumbe ukijifuta baada ya saa 24, na orodha ya simu tulizopigiana tunaifuta kwa mkono kwa sababu haijifuti. Namwomba pia akague nakala rudufu inayokwenda Google Drive: bila kuwasha usimbaji wake, mazungumzo yanakaa huko bila ulinzi ule wa WhatsApp yenyewe.

Kwangu nimeondoa alama ya kidole na kuweka namba ndefu. Nikiitwa kituoni, naizima simu kabisa kabla ya kuondoka. Ikiwa imezimwa, au imewashwa lakini haijafunguliwa bado, ni ngumu zaidi kuchimba kuliko ile iliyofungwa kioo tu.

Na Pegasus, programu ya kupeleleza simu kwa siri, je? Kampuni ya NSO inasema huiuzia serikali tu, na mkuu wa ofisi ya ardhi haitumii kumtafuta karani. Habari ikigusa wakubwa wa dola, orodha yangu inabadilika: nasasisha simu siku hiyohiyo, na kwenye iPhone nawasha Lockdown Mode, hali ya ulinzi mkali inayozima baadhi ya huduma za simu, nikikubali usumbufu wake.

Mwaka uliofuata mtu mwingine aliniletea barua ya aina ileile. Nakala zilikuwa nne. Nilingoja wiki tatu mpaka iliposomwa kwenye mkutano wa kijiji na kubandikwa ubaoni, kisha nikaipiga picha pale ubaoni.